Mstari wa Vitus

Kama kuna kazi inayomtia mtu kichefuchefu kuliko kutafuta mchumba kwenye simu, basi Eveline hakuwa ameiona, na alikuwa ameshaona mengi. Alikuwa amesafisha mabanda ya nguruwe akiwa chuoni. Alikuwa amefukua mashina ya viazi vilivyooza kwa mnyauko hadi harufu ikagoma kutoka kwenye nywele. Yote hayo alioga yakaisha. Lakini wale wanaume wa kwenye app! Mmoja alituma picha akiwa amelala kifua wazi, na pembeni ya mto kuna kitana cha kike. Mwingine alimuuliza kabla hata ya "habari za asubuhi" kama nyumba anayokaa ni ya kwao au ya kupanga. Wa tatu aliandika "mambo" kila siku kwa mwezi mzima, "mambo" tupu, kama vile analipwa kwa kila moja.

Dada wa watu alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anakaa Ilomba, jijini Mbeya, nyumba moja na rafiki yake Anjela, na kazi yake ilikuwa Uyole, kwenye kampuni ya mbegu. Cheo chake kilikuwa afisa takwimu. Maana yake ni kwamba wakulima wote waliopewa mbegu za majaribio walikuwa kwenye Excel yake: jina, mara ya mwisho kutembelewa, alichosema, cha kufuatilia. Mkulima asipotembelewa kwa wiki mbili, mstari wake unageuka njano wenyewe. Mabosi walimpenda kwa hilo. Ukibishana naye juu ya jambo lolote alikuwa anasema, "Ngoja niangalie," anafungua laptopu, na ubishi unaishia hapo.

Kilichomfanya ahamishie utaratibu huo kwa wanaume ni aibu. Kwenye app kulikuwa na wawili walioonyesha akili kidogo, Nashoni aliyekuwa na duka la vipuri pale Mbeya mjini, na Edmund aliyekuwa mhasibu Tunduma. Siku moja Eveline alimpigia Edmund akamuuliza kwa upendo kabisa kama lile jino lililong'olewa limepona. Edmund akasema, "Dada, mimi meno yangu yote yapo. Huyo mwenye jino ni nani?" Loh! Eveline alikata simu akajifunika mto usoni. Mwenye jino alikuwa Nashoni.

"Hawa watu ni wengi kwangu," alimwambia Anjela. "Kichwa changu hakitoshi."

"Mechi za nyumbani na ugenini hizo," Anjela alisema huku akicheka. "Weka ratiba."

Basi akaweka. Lakini Eveline hakuwa mjinga, alijua mtu si shina la kiazi. Kabla hajaandika jina hata moja alijiwekea masharti, akayaandika juu kabisa ya shiti ili ayaone kila anapofungua. Sharti la kwanza, andika alichokuambia yeye, si unachomfikiria. La pili, usiandike kitu ambacho angekisoma akaumia. La tatu, mstari ukigeuka njano, yaani siku tatu bila kuongea, piga simu, na kama huna hamu ya kupiga, mwambie ukweli kwa adabu mmalizane, usimwache mtu ananing'inia. La nne, mkimalizana futa mstari, usitunze mambo ya mtu asiye wako.

Na kusema haki, ilifanya kazi. Nashoni aliulizwa habari za jino lake mwenyewe. Edmund alitakiwa heri siku ya usaili wake wa kupandishwa cheo. Baadaye akaongezeka Bujiku, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, sasa analima mpunga, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Shiti ilimzuia Eveline kuwa kama wale wa "mambo". Kila aliyezungumza naye alijisikia amesikilizwa, na Eveline mwenyewe alianza kuwasikiliza vizuri zaidi, kwa sababu alijua baada ya simu lazima aandike kitu cha maana.

Halafu akaja Vitus.

Vitus Kalinga alikuwa wa Iringa, Kihesa, anatotolesha vifaranga kwa mashine na kuvisambaza mpaka Mafinga. Picha yake kwenye app alikuwa amefunga mdomo. Zote, mdomo umefungwa. Walipokutana mara ya kwanza kwenye mgahawa mmoja mjini Iringa, Eveline alielewa sababu: alikuwa akicheka anaweka kiganja mdomoni, kama msichana wa kipaimara. Mara ya pili ndipo alipomweleza. Akiwa mtoto mpini wa pampu ya maji ulimrukia ukamvunja meno mawili ya mbele, na kwa kuwa baba yake ndiye aliyekuwa anapampu, hakuwahi kumwambia mtu kisa chote, hata mama yake, maana mzee alikufa akiwa bado analia kila akikumbuka. "Watu huwa nawaambia nilianguka kwenye baiskeli," alisema. "Wewe sijui kwa nini nimekuambia."

Eveline alirudi Ilomba akiwa haoni barabara. Ndugu zangu, alikuwa amependa. Alianza kulisahau lile jambo la kutafuta, akaupandisha mstari wa Vitus juu ya wa Bujiku, akawa anafungua shiti kwa ajili ya huo tu. Mama yake Vitus alikuwa na uvimbe tumboni, na operesheni ilikuwa imepangwa Ijumaa. Eveline aliandika: "Mama operesheni Ijumaa, hospitali ya Iringa. Mama anapenda kwaya. Piga Jumamosi asubuhi, muulize V amelala saa ngapi." Soma tena hapo. Kuna ubaridi gani? Wangapi wetu tumewahi kuulizwa tumelala saa ngapi?

Wale watatu wengine alikuwa amepanga kuwaambia ukweli mmoja mmoja, kwa mujibu wa sharti la tatu. Alichelewa tu. Na kuchelewa kwake ndiko kulikomponza, pamoja na Anjela.

Anjela alikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye ile shiti, na hilo halikuwa kosa. Mwanamke anayekwenda kukutana na mtu aliyemjua kwenye simu lazima mtu mmoja ajue amekwenda wapi na kwa nani. Kosa lilikuwa jioni moja, wamekula ugali na mboga, wamekaa kwenye mkeka, Anjela na laptopu mapajani. Akaongeza kolamu mbili pale pale baada ya majina. Ya kwanza akaiita Alama. Ya pili, Sababu.

"Tuwape alama kama mtihani wa darasa la saba," alisema.

"Acha, Anjela. Kuna masharti."

"Masharti yako ya kisista hayo. Haya, Edmund. Mhasibu, gari, halafu hana mtoto. Tisa."

Na Eveline, badala ya kumnyang'anya laptopu, alicheka. Hapo ndipo mtu anatamani kuingia mle ndani amtingishe mabega. Alicheka! Shibe, uvivu wa jioni, na ule utamu mchafu wa kuwajadili watu wasiokuwepo, vyote vilimwingia pamoja. Anjela aliuliza, yeye akajibu. Bujiku saba, mpunga upo ila mbali. Nashoni sita, duka zuri, roho ya mkono wa birika. "Na huyu wa vifaranga anafunga mdomo kwa nini kwenye picha?" Eveline akamwambia. Alimwambia pampu, akamwambia baba, akamwambia baiskeli ya uongo. Anjela aliandika kwa kifupi anavyoandika, kisha akampa nne.

"Nne!" Eveline alisema. "Huyo ndiye ninayempenda."

"Ndiyo maana hupaswi kusahihisha wewe," Anjela akajibu, na Eveline akacheka tena, akaenda kuosha vyombo.

Wakati yeye anasugua sufuria, Anjela alitaka kuona nani wa kwanza na nani wa mwisho. Akachagua zile kolamu tatu, jina, alama na sababu, akabonyeza sort, kubwa iwe juu. Kolamu nyingine hakuzigusa. Anayeijua kazi hii ameshashika kichwa. Majina yalipanda na kushuka kufuata alama zake, lakini tarehe za mwisho kuongea, walichosema na cha kufuatilia vikabaki pale pale vilipokuwa. Edmund akakaa kwenye mambo ya Nashoni. Bujiku akakaa kwenye mambo ya Edmund. Nashoni akapewa ya Vitus. Na Vitus, aliyekuwa wa mwisho kwa alama, akashuka hadi mstari wa Bujiku. Shiti ile haikuonya wala haikulalamika. Anjela akafunga laptopu, akaenda kulala.

Na kwenye mstari wa Bujiku kulikuwa na nini? Asubuhi ya siku ile ile Bujiku alikuwa ametuma sauti akilia. Eveline alikuwa anapakia magunia ya mbegu kwenye gari la kampuni; aliisikiliza nusu, akajibu pole nyingi, akaandika kwenye simu haraka haraka: "Mama amefariki. Mazishi nyumbani. Mpe pole kwa sauti, usitume meseji tupu." Kesho yake alfajiri akaenda Umalila kutembelea wakulima wake.

Alikaa Umalila hadi Jumamosi, mtandao wa kubahatisha, mvua, matope hadi magotini, na kila nyumba ya mkulima ilikuwa na msiba wake wa kusimulia. Aliporudi Uyole ofisini, kabla hata ya kuvua mabuti, alifungua shiti kwa ajili ya Vitus. Ile rangi ya njano ilikuwa imetapakaa. Akatafuta jina. Vitus. Akaziruka zile kolamu za Anjela, akafuata mstari kwa kidole hadi mwisho.

Mama amefariki.

Kitu ndani yake kilisema hapana, hili si la huyu, lakini kilisema kwa sauti ndogo, na Eveline alikuwa na miaka minane ya kazi ya kutoiamini sauti hiyo. Ofisini kwake kumbukumbu ya mtu haishindani na Excel. Kichwani mwake kulikuwa na mama mmoja mgonjwa na mama mmoja marehemu, operesheni ilikuwa Ijumaa, leo Jumamosi, na maandishi ni yake mwenyewe. Alijilaumu kwamba huenda Vitus alimwambia, naye kwa uchovu akasahau. Alimpigia. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena, ikaita hadi ikakata. Basi akaandika, na machozi yalikuwa ya kweli:

"Vitus wangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Sina maneno. Najua ulivyompenda. Mungu amlaze mahali pema. Niambie mazishi ni lini, nitakuja."

Akatuma. Na kwa kuwa alikuwa amekaa na ile njano inamkodolea macho, akaona amalizie na Bujiku, maana mstari wake ulisema: "Amenunua sofa jipya, halikuingia mlangoni. Mtanie." Akamtania. Aliweka hadi vikatuni vya kucheka. Bujiku alijibu baada ya muda mfupi: "Dada niko msibani."

Eveline aliisoma meseji ile mara ya kwanza asiielewe, mara ya pili akarudi kwenye shiti kuhakiki jina. Na kabla hajafika mara ya tatu simu iliita. Jina lilikuwa Vitus. Sauti haikuwa ya Vitus.

"Kamwene," ilimsalimia kwa Kihehe sauti ya mwanamke, dhaifu lakini imenyooka.

"Kamwene, mama. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye marehemu."

Eveline alishika ukingo wa meza.

"Mwanangu ameniachia simu yake nisikilize kwaya," mama aliendelea polepole, anavuta pumzi katikati ya maneno. "Wamenipasua jana. Nimeamka leo nikasema asante Mungu. Nimevaa miwani yangu, nasoma, kumbe nimelazwa mahali pema. Sasa nakuuliza, binti, uliyemwandikia hivi mtoto wangu. Wewe ni mchawi, au umelewa?"

"Mama, nimekosea, shikamoo mama, nimekosea, siyo..."

"Shikamoo ya kaburini sijawahi kuiitikia," mama alisema, akakata.

Kumpa mtu pole ya mama aliye hai, tena mama aliye kitandani na mshono mbichi! Huko kwetu huo ni uchuro, hata uwe umesoma namna gani. Eveline alifungua historia ya shiti, ile inayoonyesha nani alibadilisha nini, akamwona Anjela hapo, akayaona majina yanapanda na kushuka. Akaelewa yote. Kwa mara ya kwanza akaisoma kolamu ya Sababu. Kwenye jina la Vitus ilikuwa imeandikwa: "Mapengo, kavunjwa na baba ake, anadanganya baiskeli. Mama mgonjwa = mzigo."

Alikimbilia chooni akatapika. Si uongo, alitapika kweli, na mlinzi akamuuliza kama amekunywa dawa za mbegu. Kilichomtapisha si Anjela. Anjela alikuwa ameandika tu. Maneno yale yalitoka mdomoni mwa nani? Mapengo, baba, baiskeli, nani aliyapeleka kwenye mkeka? Kolamu ya Sababu ilikuwa sauti yake mwenyewe bila kicheko chake, na bila kicheko ilikuwa inanuka.

Anjela, alipoulizwa kwenye simu, alisema, "Jamani, si utani? Rudisha toleo la zamani yaishe."

Alilirudisha. Ni kubonyeza mara mbili tu, shiti ikarudi ilivyokuwa kabla ya ile jioni: kila jina na mambo yake, masharti juu, hakuna alama wala sababu. Safi kama haijawahi kuguswa. Akampigia Bujiku akamwambia ukweli, kwamba alichanganya majina, na kwamba hakuna kisingizio cha kumtania mtu msibani. Bujiku alisema sawa dada, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu. Eveline akamwomba radhi tena, akafuta mstari wake.

Jumapili alikuwa Iringa kabla ya saa ya kuona wagonjwa.

Vitus alikuwa amesimama nje ya wodi na chupa ya chai. Hakuweka kiganja mdomoni kwa sababu hakucheka. "Mama amelia," alisema. "Mama yangu halii. Alipozikwa baba hakulia mbele za watu. Jana amelia, anasema ameitwa."

"Vitus, tafadhali. Nipe nafasi nieleze."

"Eleza ndani. Aliyeitwa ni yeye."

Mama Kalinga alikuwa ameegemea mito miwili, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na macho yasiyokuwa na homa hata kidogo. Hakumpa Eveline mkono. Alimwonyesha kiti kwa kidevu.

Eveline aliwaeleza. Alisema kuna shiti, na ndani kuna majina, si la Vitus peke yake, ila wengine alikuwa anaachana nao. Vitus alipumua kwa pua. "Kwa hiyo mimi ni mkulima wa majaribio," alisema.

"Hapana. Niliogopa kuwasahau watu mambo yao. Tazama mwenyewe."

Akampa simu, na kwenye simu kulikuwa na lile toleo safi. Vitus alisoma akiwa amesimama. Alisoma masharti, akarudia. Alisoma mstari wake: mama operesheni Ijumaa, mama anapenda kwaya, muulize V amelala saa ngapi. Uso wake ulianza kulegea kidogo kidogo, Eveline aliona, na moyo ulimdunda kwa tamaa. Bado kidogo. Bado kidogo tu na mwanaume huyu atakuwa wake.

"Mimi naandika tarehe kwenye mayai kwa penseli," Vitus alisema. "Sikujua kama na watu huandikwa. Lakini hii... hii si mbaya, mama. Amekuandika vizuri."

Akampa mama yake simu. Mama alivaa miwani, akasoma, midomo ikicheza. Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza.

"Hapa niko hai. Aliyeniua ni nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa.

Eveline angeweza kusema mtandao. Angeweza kusema simu mbovu, mvua ya Umalila, lolote, na wote wawili wangeamini kwa sababu walitaka kuamini. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, na aliuona jinsi ulivyo: ulikuwa ni lile lile toleo safi, limepanguswa, linakaa juu ya uchafu. Kinyaa kikampanda upya kuliko cha jana.

"Majina yalipangwa kwa alama," alisema. "Rafiki yangu aliwapa watu alama, mimi nikiwa nimekaa pale nacheka. Alipozipanga, mambo ya watu yakachanganyika."

"Alama za nini?" Vitus aliuliza.

Eveline alichukua simu kutoka kwa mama, akafungua historia, akatafuta ile jioni, akamkabidhi Vitus. Akatazama sakafu ya wodi iliyokuwa imepigwa deki muda si mrefu.

Vitus alisoma muda mrefu kwa maneno machache yale. Aliposema, alisema kwa utulivu, na huo ndio uliomuumiza Eveline kuliko kelele.

"Nne ni sawa. Mtu anaweza kunipa nne. Mapengo kila mtu anayaona. Ila pampu nilikuambia wewe peke yako. Duniani kote, wewe."

"Ndiyo."

"Hii haikuvurugwa na kompyuta."

"Hapana. Hiyo niliisema mimi, kwa mdomo."

"Pampu gani?" mama aliuliza.

Uso wa Vitus ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeuma kitu kilichooza na hana pa kutemea. Alimwekea Eveline simu mapajani, hakutaka vidole viguse vidole. "Futa," alisema.

Eveline alifuta mstari. Kisha akafuta shiti nzima, na kwenye kapu la taka akaifuta tena, huku Vitus akiwa anaangalia hadi mwisho. Kilichobaki kwenye kioo ni weupe.

"Sasa," Vitus alisema, "siku ukitaka kujua mama yangu anaendeleaje, itabidi ukumbuke mwenyewe. Na mimi sikuambii kama nitapokea." Akachukua chupa ya chai ingawa ilikuwa bado imejaa, akatoka nje.

Eveline alibaki na mama. Mama Kalinga alivua miwani, akaikunja, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani kwa jicho la kumchukia bila haraka.

"Umenitia kinyaa," alisema. "Wewe na huyo mwenzako."

"Ndiyo, mama."

"Ungenidanganya ningekufukuza. Nilikuwa nasubiri unidanganye." Alivuta shuka hadi kifuani, akafumba macho, na Eveline alidhani amemaliza. Alisimama ili aondoke.

"Jumamosi natolewa nyuzi," mama alisema, macho yamefumbwa.

Mkono wa Eveline ulikuwa umeshaingia mkobani kutafuta simu.

"Usiandike," mama akasema.